Mishahara kwenye vitabu: njia tatu za kuiandika, na ipi inakufaa

Mishahara ya mwezi mmoja inaweza kuandikwa kwenye vitabu kwa njia tatu, na kila njia ina wahasibu wake wasiotaka kusikia nyingine. Wapo wanaoandika fedha inapotoka benki tu: mishahara siku ya malipo, kodi siku ya kodi, NSSF siku ya NSSF. Wapo wanaokaa mwisho wa mwezi na kuandika ingizo moja kubwa lenye mshahara ghafi upande wa debiti na makato yote upande wa krediti. Na wapo wanaofungua akaunti ya katikati, akaunti ya kupitishia mishahara, wakapitisha humo kila kitu hadi salio lifike sifuri.

Ukifuata njia yoyote kati ya hizo, salio la benki litakuwa lile lile. Kinachotofautiana ni gharama unayoiona mwezi huo, madeni yanayotokea kwenye mizania, na muda utakaopita kabla hujagundua kwamba kuna shilingi imekaa pasipo pake. Nitazipima zote tatu kwa mfano mmoja, maana bila tarakimu wote wanaonekana wako sahihi.

Mfano wetu

Chukua kampuni ndogo ya kuoka mikate Morogoro, yenye wafanyakazi 12, mwezi Machi 2025. Wanane wanalipwa 500,000 kila mmoja, watatu 900,000, na meneja 2,000,000. Mshahara ghafi wa wote ni 8,700,000. Katikati ya mwezi, Ramadhani ikiwa imepamba moto, mmoja wa wale wanane alichukua advansi ya 100,000. Mishahara ililipwa tarehe 27, kabla ya Idi.

Mfanyakazi anakatwa 10% ya mshahara kwa ajili ya NSSF, na mwajiri anaongeza 10% nyingine kutoka mfukoni mwake. Hiyo ni 870,000 kila upande.

Kodi ya mshahara, PAYE, haikokotolewi kwenye mshahara ghafi. Unatoa kwanza mchango wa NSSF wa mfanyakazi, na kinachobaki ndicho unachokipeleka kwenye viwango vya TRA. Kwa mwenye 500,000, inabaki 450,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi, na 180,000 zinazozidi zinatozwa 8%, yaani 14,400. Mwenye 900,000 anabaki na 810,000, ambayo kodi yake ni 68,000 kwa kiasi cha hadi 760,000, kisha 25% ya 50,000 inayozidi, jumla 80,500. Meneja anabaki na 1,800,000, kodi yake ni 128,000 kwa milioni ya kwanza pamoja na 30% ya 800,000, jumla 368,000. Kwa watu wote 12, PAYE ni 724,700.

Ukitoa NSSF, PAYE na ile advansi, kinachoingia mikononi mwa wafanyakazi siku ya malipo ni 7,005,300.

Kisha kuna gharama ambazo mfanyakazi hazioni kwenye hati yake ya mshahara. Kampuni ikifikisha wafanyakazi 10 inalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ambayo kwa mwezi huo ilikuwa 3.5% ya mshahara ghafi: 304,500. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, unachukua 0.5%: 43,500. Hizi mbili hazikatwi kwa mfanyakazi hata senti. Ukiziweka pamoja na NSSF ya mwajiri, wafanyakazi hawa 12 wameigharimu kampuni 9,918,000 kwa mwezi, wala si 8,700,000, na mbali kabisa na zile 7,005,300 zilizotoka benki tarehe 27.

Njia ya kwanza: kuandika fedha inapotoka

Hapa tarehe 15 unaandika debiti mishahara 100,000, krediti benki. Tarehe 27 unaandika debiti mishahara 7,005,300, krediti benki. Machi imekwisha. Aprili unapolipa PAYE unaandika debiti kodi ya mishahara 724,700, unapolipa NSSF unaandika debiti NSSF 1,740,000, na SDL na WCF vivyo hivyo.

Uzuri wake uko wazi. Kila mstari una karatasi ya benki nyuma yake, na hata karani asiyejua debiti na krediti vizuri anaweza kuuandika. Tena, mtu mmoja mwenye biashara yake binafsi anaruhusiwa na sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania kutumia msingi wa fedha taslimu, kwa hiyo njia hii kwake si kosa. Kampuni hairuhusiwi. Kampuni inatakiwa kuhesabu gharama ya mwezi katika mwezi wake, ilipwe au isilipwe. Kiwanda chetu cha mikate ni kampuni, kwa hiyo kwa haki kimeshatoka kwenye njia hii. Hata hivyo ndiyo njia utakayoikuta kwenye vitabu vya kampuni nyingi ndogo, na kuna sababu inayoifanya idumu.

Sababu yenyewe ni kwamba inaonekana iko sawa. Kama kiwanda kilianza Machi, vitabu vya Machi vitaonyesha gharama ya 7,105,300, pungufu ya 2,812,700 ukilinganisha na gharama halisi. Lakini Aprili michango na kodi za Machi zinalipwa, zinaingia kwenye gharama za Aprili, na jumla ya Aprili inafika 9,918,000 kama wafanyakazi ni wale wale. Mei hivyo hivyo. Kila mwezi unaazima pengo la mwezi uliotangulia, na mwenye biashara haoni tatizo lolote. Pengo linajitokeza pale tu idadi ya watu inapobadilika, bonasi inapotolewa, au mwaka unapofungwa. Ikiwa mwaka wa hesabu unaishia Desemba, mizania ya tarehe 31 Desemba itasema kampuni haidaiwi chochote na TRA wala NSSF, wakati ukweli inadaiwa 2,812,700 zitakazolipwa Januari.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba mshahara ghafi haupo popote kwenye leja. Jumlisha miezi 12 ya akaunti ya mishahara utapata 85,263,600, ukichukulia kila mwezi una advansi kama ile. Ritani za PAYE na SDL ulizowasilisha TRA kwa mwaka huo huo zinasema mshahara ghafi ulikuwa 104,400,000. Mkaguzi wa kodi huanza na ulinganisho huu huu. Tofauti ya 19,136,400 ina maelezo, ni NSSF ya wafanyakazi na PAYE vilivyoandikwa kwenye akaunti nyingine, lakini wewe ndiye utakayekaa kuyatafuta, mwezi baada ya mwezi, mbele ya mtu anayesubiri.

Njia ya pili: ingizo moja la mwisho wa mwezi

Hapa huisubiri benki. Orodha ya mishahara ikishaidhinishwa, unaandika mwezi mzima kwa wakati mmoja. Mimi hugawa katika sehemu mbili, ya kwanza ikihusu mfanyakazi na mwajiri wake, ya pili ikihusu mwajiri peke yake.

Sehemu ya kwanza:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Mishahara (gharama) | 8,700,000 | |
| NSSF ya kulipwa | | 870,000 |
| PAYE ya kulipwa | | 724,700 |
| Advansi za wafanyakazi | | 100,000 |
| Mishahara ya kulipwa | | 7,005,300 |

Sehemu ya pili:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| NSSF ya mwajiri (gharama) | 870,000 | |
| SDL (gharama) | 304,500 | |
| WCF (gharama) | 43,500 | |
| NSSF ya kulipwa | | 870,000 |
| SDL ya kulipwa | | 304,500 |
| WCF ya kulipwa | | 43,500 |

Tazama kinachotokea kwa advansi. Ilipotolewa tarehe 15 iliandikwa debiti advansi za wafanyakazi, krediti benki, kwa hiyo haikuwa gharama, ilikuwa deni la mfanyakazi kwa kampuni. Ingizo la mwisho wa mwezi linaifuta. Tazama pia kwamba NSSF ya mfanyakazi na PAYE hazina akaunti ya gharama kabisa. Zote zimo ndani ya ile 8,700,000. Kampuni imezishika kwa niaba ya mwenyewe na itazipeleka zinakotakiwa.

Kuanzia hapo malipo yote ni kufuta deni tu. Tarehe 27: debiti mishahara ya kulipwa, krediti benki. PAYE na SDL zinatakiwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita, na kwa Machi tarehe hiyo ni Siku ya Karume, sikukuu, kwa hiyo anayengoja dakika ya mwisho amejitakia. NSSF na WCF zina hadi mwisho wa Aprili. Ukishalipa, kila akaunti ya deni la Machi inarudi sifuri.

Swali moja huwagawa watu hapa: NSSF ya kulipwa iwe akaunti moja, au mbili, moja ya mfanyakazi na nyingine ya mwajiri? Ninapendelea moja. Unalipa kwa mkupuo 1,740,000 kwa namba moja ya malipo, na risiti itasoma 1,740,000. Akaunti moja inayoonyesha mistari miwili ya krediti ya 870,000 na mstari mmoja wa debiti wa 1,740,000 inasomeka kwa jicho tu. Ukizigawa, kila mwezi unalazimika kuugawa pia mstari wa benki, na siku karani atakaposahau, moja itakuwa na deni na nyingine itakuwa na ziada. Mgawanyo unaotakiwa ni ule wa gharama, na gharama ni ya upande wa mwajiri tu.

Kosa linaloiharibu njia hii mara nyingi linatokea siku ya kulipa NSSF. Mhasibu ameandika sehemu ya kwanza vizuri, akaiacha ya pili akidhani ataimalizia baadaye. Aprili anaona benki imetoa 1,740,000 kwenda NSSF, naye anaandika debiti gharama ya NSSF 1,740,000. Sasa zile 870,000 za wafanyakazi zimehesabiwa gharama mara mbili: mara ya kwanza ndani ya mshahara ghafi, mara ya pili kwenye NSSF. Faida imepungua bila sababu, na akaunti ya NSSF ya kulipwa imebaki na 870,000 ambazo hakuna anayezidai.

Kulitambua si kazi. Gawanya gharama ya NSSF ya kipindi chochote kwa mshahara ghafi wa kipindi hicho hicho. Ikitoka 10% mambo ni shwari, ikitoka 20% kosa ni hilo. Kisha fungua akaunti ya deni uangalie kama salio lake linapanda kwa kiasi kile kile kila mwezi, 870,000, 1,740,000, 2,610,000. Deni halisi hupanda na kushuka, na ukiona linalopanda ngazi kwa ngazi bila kushuka hata mara moja, ujue malipo yake yanaandikwa mahali pengine. Kipimo hiki cha asilimia ni cha sekta binafsi. Kwa waajiriwa wa umma walio PSSSF mfanyakazi hukatwa 5% na mwajiri huweka 15%, kwa hiyo hapo gharama sahihi ni 15%.

Udhaifu wa kweli wa njia ya pili ni kwamba ingizo zima linatoka kwenye karatasi moja, orodha ya mishahara. Kama orodha imekosea, ingizo litakosea kwa ukamilifu na bado debiti na krediti zitalingana. Wapo hata wanaokokotoa ile 7,005,300 kwa kutoa tu, ili ingizo lifunge. Likifunga wanaridhika.

Njia ya tatu: akaunti ya kupitishia mishahara

Hapa mshahara ghafi unaandikwa debiti gharama 8,700,000, krediti akaunti ya kupitishia 8,700,000. Baada ya hapo kila kinachopunguza kile mfanyakazi anachodai kampuni kinaandikwa debiti kwenye akaunti hiyo, siku kinapotokea na kutoka kwenye karatasi yake yenyewe. Kwa Machi itakaa hivi:

| Tarehe | Maelezo | Karatasi | Debiti | Krediti |
|---|---|---|---|---|
| 15 | Advansi | Vocha ya fedha | 100,000 | |
| 27 | Mshahara ghafi | Orodha ya mishahara | | 8,700,000 |
| 27 | Malipo ya benki | Taarifa ya benki | 7,005,300 | |
| 31 | NSSF ya wafanyakazi | Orodha ya michango NSSF | 870,000 | |
| 31 | PAYE | Ritani ya TRA | 724,700 | |
| | Salio | | | 0 |

Gharama za mwajiri hazipiti humu. NSSF ya mwajiri, SDL na WCF zinaandikwa kama zilivyo kwenye sehemu ya pili ya njia iliyotangulia, moja kwa moja gharama kwa deni, kwa sababu mfanyakazi hazidai na hazipunguzi anachodai. Mtu akizipitisha humu pande zote mbili salio litabaki sifuri, lakini akaunti itajaa mistari isiyokuwa na kazi.

Safu ya kutazama zaidi kwenye jedwali hilo ni ya karatasi. Karatasi tano tofauti zimekutana kwenye akaunti moja na zimekubaliana. Kama namba zote tano ungezichukua kutoka kwenye ile orodha moja ya mishahara, akaunti ingefika sifuri kila mwezi na isingekuwa imekagua kitu. Wengi wanaosema akaunti hii haina faida wameitumia namna hiyo.

Tuone ikifanya kazi. Tuseme aliyetengeneza orodha ya mishahara kwenye Excel alisahau kutoa NSSF kabla ya kukokotoa PAYE. Mwenye 500,000 akakatwa 18,400 badala ya 14,400, mwenye 900,000 akakatwa 103,000, meneja 428,000. Jumla waliyokatwa ni 884,200, na benki ikatoa 6,845,800. Lakini ritani ya TRA ilijazwa na mtu mwingine, akaijaza sawasawa: 724,700.

Kwenye akaunti ya kupitishia, krediti ni 8,700,000. Debiti ni 100,000, 6,845,800, 870,000 na 724,700. Linabaki salio la krediti la 159,500, na linabaki humo mwisho wa Machi, kabla hata kodi haijalipwa. Jina la akaunti lenyewe linakwambia fedha hiyo ni ya nani: ni mshahara ambao wafanyakazi hawajapewa. Unarudishia kila mtu chake, na mambo yamekwisha.

Kwenye njia ya pili, kosa hilo hilo litaandika PAYE ya kulipwa 884,200 na mishahara ya kulipwa 6,845,800. Mishahara ikilipwa, akaunti yake inarudi sifuri bila manung'uniko. Aprili TRA inalipwa 724,700, na 159,500 inabaki kwenye PAYE ya kulipwa. Sasa inasomeka kama deni la kodi. Mhasibu mwangalifu ataanza kutafuta ni ritani gani aliyoipunja, na mwenye haraka atailipa TRA ili akaunti isafike. Fedha ya wafanyakazi inaweza kwenda kwa mtu asiyeidai. Kwenye njia ya kwanza hakuna hata salio la kuulizia: mishahara imepungua kwa 159,500, na ndiyo hivyo tena.

Kwa maoni yangu tofauti hiyo ndiyo hoja kuu ya kuchagua njia ya tatu. Njia zote mbili, ya pili na ya tatu, zinaonyesha gharama sahihi na madeni sahihi mambo yakienda sawa. Yakienda mrama, moja inakuonyesha kosa mapema na kwa jina lake, nyingine inakuonyesha baadaye na kwa jina la mtu mwingine.

Jambo dogo la kila siku linaonyesha hivyo hivyo. Namba ya akaunti ya mmoja wa wale wenye 500,000 imekosewa tarakimu mbili, na benki imerudisha 435,600, ambayo ndiyo mshahara wake baada ya makato. Kwenye njia ya tatu unaandika debiti benki, krediti akaunti ya kupitishia, na 435,600 inakaa pale ikimsubiri mwenyewe. Kwenye njia ya pili inarudi mishahara ya kulipwa, nako ni pazuri vile vile. Kwenye njia ya kwanza sijui niseme nini: wengine huipunguza kwenye mishahara, na nimewahi kuiona imeandikwa mapato mengineyo, maana fedha iliingia benki na karani hakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Mshahara wa mtu uligeuka faida ya kampuni.

Gharama ya njia ya tatu ni muda. Mtu asipoifunga akaunti kila mwezi, baada ya miezi michache inakuwa jalala la masalio madogo madogo ya advansi, marejesho na tofauti za senti, na kuyachambua ni kazi kuliko ile uliyokuwa unaikwepa. Pia advansi inayorudishwa kwa miezi mingi haifai kukaa humu. Mkopo wa 1,200,000 unaokatwa 100,000 kwa mwezi una akaunti yake ya wadaiwa, na kinachopita kwenye akaunti ya mishahara ni ile 100,000 ya mwezi huo tu.

Basi uchague ipi?

Duka au saluni ya mtu binafsi yenye wafanyakazi wawili watatu, inayolipa mwezi kwa mkupuo mmoja, inaweza kubaki na njia ya kwanza, ilimradi mshahara ghafi unahifadhiwa kwenye orodha nje ya leja na karatasi hizo hazitupwi. Siku biashara inaposajiliwa kuwa kampuni, njia hiyo iachwe siku hiyo hiyo.

Kampuni yenye mtu mmoja anayeandaa mishahara na kuiandika vitabuni, inayolipa wote benki siku moja na yenye advansi chache, itatosheka na njia ya pili. Ndiyo ningeipendekeza kwa kampuni nyingi za ukubwa wa kiwanda chetu, kwa sharti moja: kila mwisho wa mwezi mtu afungue akaunti tano za madeni na kulinganisha masalio na risiti. Dakika chache zinatosha. Na kwenye Tally au QuickBooks ingizo lenyewe unaweza kulihifadhi ukalirudia, ukibadilisha tarakimu tu.

Njia ya tatu inastahili pale malipo yanapotoka kwa milango mingi. Kama baadhi wanalipwa benki, vibarua kwa simu, na wengine fedha taslimu kila Jumamosi, au kama anayejaza ritani si yule anayetengeneza orodha, huna njia nyingine nzuri ya kuhakikisha vipande vyote vinafanya kitu kizima. Idadi ya wafanyakazi si kipimo hapa. Nimeona mradi wa ujenzi wenye watu 15 uliohitaji njia ya tatu, na ofisi yenye watu 60 iliyokuwa salama na ya pili.

Uamuzi mmoja unabaki kwa njia zote: gharama za mwajiri ziende wapi. Ukiweka mishahara ya waokaji kwenye gharama za uzalishaji na ya ofisini kwenye gharama za uendeshaji, basi NSSF, SDL na WCF zao ziwafuate. Kampuni nyingi zinagawa mishahara vizuri halafu zinalimbikiza 1,218,000 za mwajiri zote kwenye uendeshaji. Mkate unaonekana rahisi kuoka kuliko ulivyo, na bei inapangwa kwa gharama iliyopungua.

Wasomaji wa Kenya watatumia maumbo haya haya kwa majina mengine. Ushuru wa nyumba wa 1.5% una pande mbili kama NSSF, kwa hiyo sehemu ya mfanyakazi imo ndani ya mshahara ghafi na sehemu ya mwajiri ni gharama ya ziada. Mchango wa SHIF wa 2.75% uko upande wa mfanyakazi tu, kwa hiyo hauna akaunti ya gharama. Ukiikuta akaunti ya gharama ya SHIF kwenye leja, uliza imetoka wapi.

Ukihama katikati ya mwaka

Kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili kunahitaji ingizo moja la kuhamia. Tuseme kiwanda kinaanza njia mpya na mishahara ya Aprili. Kwanza andika madeni ya Machi kama yalivyo tarehe 31: krediti NSSF ya kulipwa 1,740,000, PAYE 724,700, SDL 304,500 na WCF 43,500, debiti akaunti za gharama za Machi. Malipo ya Aprili yatakapotoka yatafuta madeni hayo, hayatagusa tena gharama.

Kuna mtego mmoja. Kwa kuwa njia ya zamani iliandika michango ya Desemba kwenye Januari, ukiongeza sasa ya Machi, mwaka huo utakuwa na miezi 13 ya michango na kodi. Malipo yaliyofanyika Januari kwa ajili ya Desemba yanatakiwa kutolewa kwenye gharama za mwaka huu na kupelekwa kwenye faida limbikizi ya mwaka uliopita. Na kama hesabu za mwaka uliopita zilishakaguliwa na kuwasilishwa, zungumza na mkaguzi wako kabla ya kuigusa faida hiyo.